Mabiwi Matatu kwa Asubuhi Moja: Kisa cha Mafunzo ya Mboji Lushoto

Mafunzo ya mboji yana ugumu ambao mafunzo ya kupanda mahindi kwa mstari hayana. Mkulima anakuja asubuhi na kuondoka mchana, lakini mboji yenyewe inaiva baada ya miezi mitatu. Anachokiona siku hiyo ni watu wakirundika majani na kumwagia maji. Mambo yanayoamua kama atapata mboji au takataka zilizokauka hutokea wiki ya kwanza, ya tatu na ya sita, akiwa peke yake nyuma ya banda la ng'ombe. Kisa hiki ni cha kundi la wakulima wa kijiji kimoja wilayani Lushoto, katika milima ya Usambara Magharibi. Kinaeleza jinsi mafunzo ya asubuhi moja yalivyopangwa ili mkulima aione wiki ya tatu kabla hajaifikia.

Mashamba ya huko yako kwenye miteremko mikali. Juu wanalima mahindi na maharage, mabondeni wanalima kabichi, karoti, nyanya na viazi mviringo, na karibu kila nyumba ina migomba na ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa wanaofungwa bandani. Udongo ni mwekundu, una tindikali, na unaing'ang'ania fosforasi kiasi kwamba mmea hauipati kirahisi. Tena watu wa Usambara wameambiwa habari za udongo kwa muda mrefu. Wazee wamesikia au wameona matuta ya lazima ya enzi za mkoloni, katika mradi wa Mlalo ulioanza mwaka 1946, na kuanzia mwaka 1981 mradi wa SECAP wa kuzuia mmomonyoko wa udongo ulihimiza kupanda miti na majani ya malisho kwenye kontua. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuhubiriwa kwamba ardhi imechoka. Wanalijua hilo kwa mavuno yao.

Mboji pia hawakuwa wageni nayo. Miaka michache nyuma walipewa somo lake darasani, kwa chati ukutani, wakarudi nyumbani na kujenga. Kabla ya kupanga chochote tulizunguka kwenye nyumba tukiomba kuonyeshwa mabiwi yale, na bado mengine yalikuwepo. Lililokuwa katika hali nzuri zaidi lilikuwa nyuma ya nyumba ya mzee mmoja, chini ya mchirizi wa paa la jiko. Juu lilikuwa limeota majani. Tulipolifungua kwa jembe, ndani lilikuwa kavu kama ndani ya dari, na majani ya migomba bado yana umbo lake. Kati ya matabaka kulikuwa na unga mweupe unaofanana na ukungu wa mkate. Mzee akasema, "Bwana shamba, mimi nilifuata kila kitu. Nikasubiri miezi mitatu, sikuona kitu, nikaliacha."

Alifuata kila kitu kweli. Biwi lilikuwa na matabaka, lilikuwa na samadi, na lilikuwa kubwa vya kutosha. Unga mweupe unaonyesha kwamba lilipata joto kali mwanzoni, joto likakausha maji yote, kazi ya kuoza ikasimama. Ndoo chache za maji na kugeuzwa mara moja katika wiki ya tatu vingeliokoa. Chati ukutani ilimwambia biwi linavyojengwa, lakini haikumpa njia ya kulisoma likiwa linaumwa. Hapo ndipo tulipokata shauri kuhusu mafunzo mapya: kila mshiriki aondoke akiwa amewahi kushika kwa mikono yake biwi lenye afya, biwi lililoiva na biwi lililokufa. Kujenga kungekuwa sehemu ndogo ya asubuhi.

Maandalizi yanaanza miezi mitatu kabla

Mpango huu una gharama moja kubwa, nayo ni muda. Siku ya mafunzo iliwekwa mwanzoni mwa Desemba, kwa sababu mboji itakayojengwa wakati huo huwa tayari Machi, masika yakianza na watu wakipanda. Tukahesabu kurudi nyuma. Biwi la kuonyesha likiwa limeiva lilijengwa katikati ya Septemba. Biwi la kuonyesha likiwa na joto, linalongoja kugeuzwa, lilijengwa katikati ya Novemba. Yote mawili yalijengwa kwa mama mmoja aliyekubali kuwa mwenyeji, na yeye ndiye aliyeyatunza. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa siku ya mafunzo majirani walimwuliza yeye, na alijibu maswali ambayo afisa ugani hawezi kuyajibu: nani alibeba maji, kazi ilichukua muda gani, ng'ombe alikosa nini.

Swali la ng'ombe ndilo lililobadilisha orodha ya malighafi. Vitabu vingi vya mboji huanza na mabua ya mahindi. Huku, mabua ni chakula cha ng'ombe, na ukimwambia mtu ayarundike utamfanya achague kati ya mboji na maziwa. Kinachobaki ni kile ambacho ng'ombe amekikataa: vipande vigumu vya mabua na majani alivyovikanyaga bandani vikalowa mkojo. Wengi walikuwa wakivisukumia nje na kuviacha vipigwe na mvua, kumbe ni mali bora kuliko bua kavu, kwa sababu vimeshapondwa kwato na vimeshanywa naitrojeni. Kwa upande wa vitu vikavu tukaongeza majani makavu ya migomba na ya migrivea. Ya mikaratusi tuliyaweka kando kwa kuwa yanachelewa mno kuoza.

Kwa majani mabichi, Usambara imebarikiwa. Kuna tughutu, kichaka ambacho Wasambaa wanakifahamu vizuri, na kuna alizeti pori inayoota kando ya barabara kwa maua yake ya njano. Majani ya alizeti pori yakikaushwa na kupimwa yana naitrojeni takriban asilimia 3.5, zaidi ya samadi nyingi za ng'ombe. Yanaoza upesi sana, na hayalimwi wala hayanunuliwi. Utafiti uliofanyika Usambara uliyaunganisha majani ya aina hizi na mbolea ya fosfeti ya Minjingu kutoka Manyara, kwa sababu udongo wenye tindikali huisaidia fosfeti ile kuyeyuka.

Asubuhi yenyewe

Walikuja watu wapatao 24, wengi akina mama. Tulianza saa 3 asubuhi na tuliahidi kumaliza saa 7, kwa sababu baada ya hapo ng'ombe wanahitaji majani, na mama mwenye ng'ombe mwenye njaa haelewi somo lolote. Kila mmoja aliombwa aje na mzigo mmoja wa kitu chochote anachofikiri kinaoza. Mizigo ile ilitupa nusu ya somo bila sisi kusema neno, kama itakavyoonekana mbele.

Onyesho la kwanza lilikuwa la udongo. Linahitaji mitungi miwili ya kioo, maji, na madonge mawili ya udongo yenye ukubwa wa yai. Donge moja limetoka chini ya migomba ya mwenyeji, mahali panapotupwa maganda na majivu ya jikoni miaka yote. La pili limetoka shamba la mahindi la mteremkoni, mita zisizozidi mia kutoka hapo. Kila donge linawekwa juu ya kipande cha wavu kilichoning'inizwa mdomoni mwa mtungi, liguse maji. Donge la shambani lilianza kumomonyoka kabla mtu hajamaliza kueleza, na baada ya dakika chache mtungi ulikuwa mwekundu wote. Donge la chini ya migomba lilitoa mapovu machache likabaki zima hadi mwisho wa asubuhi. Tofauti haitokani na aina ya udongo, maana ni kilima kilekile. Inatokana na gundi ambazo vijidudu na nyuzi za kuvu hutengeneza wakila mabaki ya mimea, zikashikanisha chembe za udongo. Mvua inapopiga shamba lisilo na gundi hiyo, chembe zinaachana, zinaziba matundu ya juu, na maji yanayokosa pa kuingia yanateremka na udongo.

Onyesho hili lina mtego mmoja. Madonge lazima yawe makavu kabisa. Donge bichi halivunjiki hata kama limetoka kwenye shamba baya, kwa kuwa kinachovunja donge kavu ni hewa iliyomo ndani ikisukumwa na maji yanayoingia kwa haraka. Desemba kuna mvua za vuli, hivyo madonge yalichukuliwa mapema na kuanikwa kivulini kwa wiki nzima. Mtu akiyachukua asubuhi hiyohiyo, wakulima wataona madonge yote mawili yamesimama imara, na somo litakuwa limejipinga lenyewe.

Onyesho la pili ni fupi na halisahauliki. Tulichukua matope ya bandani, yale yaliyolowa mkojo wa siku kadhaa, tukayagawa kwenye mitungi miwili yenye vifuniko. Katika mmoja tukachanganya konzi mbili za majivu. Baada ya kama dakika kumi kila mtu akafungua na kunusa. Mtungi wa matope matupu ulinuka banda. Mtungi wa majivu uliwatoa watu machozi. Harufu ile ni amonia, yaani naitrojeni ikiondoka hewani, kwa sababu majivu huondoa tindikali na kuiachilia. Karibu kila mtu pale alikuwa na desturi ya kumwaga majivu ya jikoni juu ya samadi. Hatukuwaambia majivu ni mabaya, maana yana potasiamu na yanapunguza tindikali ya udongo. Tuliwaambia yanyunyizwe kidogo juu ya tabaka la majani makavu, yasigusane na samadi mbichi. Mama mmoja aliyenusa mara mbili akasema anajua sasa kwa nini samadi yake ilikuwa haina nguvu.

Kisha tukajenga. Vipimo vilitolewa kwa mwili na mpini wa jembe, kwa sababu hakuna anayekwenda nyuma ya banda na futi. Upana ni mpini mmoja na kidogo, yaani karibu mita 1.5. Urefu ni mita 2 au zaidi, kadiri ya malighafi. Kimo ni kifuani. Chini kabisa vinatandikwa vijiti na matawi ili hewa ipite. Juu yake tabaka la vitu vikavu, unene wa shubiri moja, likimwagiwa maji mpaka lilowe. Halafu majani mabichi unene wa shubiri moja, halafu samadi au matope ya bandani unene wa vidole vinne, halafu konzi chache za udongo wa chini ya migomba ili kupanda vijidudu. Matabaka yanarudiwa hadi kifuani, na juu biwi linafungwa kama mgongo wa nyumba na kuezekwa kwa majani ya migomba ili mvua iteremke pembeni. Fimbo ndefu, kavu na ngumu inachomekwa kwa mshazari hadi katikati na kuachwa hapo.

Maji ndiyo yaliyoleta mjadala. Biwi la ukubwa huo lilikunywa madebe zaidi ya 10, na kila debe lilipandishwa kutoka bondeni kichwani mwa mtu. Ndiyo maana kujenga wakati wa vuli ni bora kuliko wakati wa kiangazi: majani yamelowa tayari. Kipimo cha maji ni cha mkono. Chukua konzi ya mchanganyiko, kamua kwa nguvu zako zote. Tone moja au mawili yakijitokeza kati ya vidole, inatosha. Maji yakichuruzika, yamezidi. Kusipotoka kitu na mchanganyiko ukaachia mara tu unapofungua kiganja, ongeza. Kila mshiriki alikamua, na hatukuendelea mpaka kila kiganja kilipojua tofauti.

Mizigo ilipokaguliwa, tulitoa vitu viwili. Kwanza ni ndago na sangari zenye mizizi hai, ambazo zinatakiwa zianikwe juani hadi zife kabisa kabla ya kuingia. Pili ni mashina ya nyanya na viazi yenye mnyauko wa bakteria. Katikati ya biwi zuri joto hufikia nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, na siku kadhaa za joto hilo huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi. Lakini pembeni mwa biwi hakuna joto hilo, na katika eneo linaloishi kwa viazi na nyanya hatari hiyo haina sababu ya kukubaliwa. Mashina hayo yalikwenda kuchomwa.

Sehemu niliyoithamini kuliko zote ilikuwa mzunguko wa fimbo. Vikundi vinne vya watu sita vilipita kwenye biwi la wiki tatu, la wiki kumi na mbili, na biwi la yule mzee lililokufa, ambaye aliruhusu lifunguliwe mbele ya wote. Kwenye biwi la wiki tatu, fimbo ilitoka na mvuke, na aliyeishika upande wa chini aliiachia haraka. Ilikuwa nyevu na ilinuka kama udongo wa msituni. Kwenye biwi lililoiva, fimbo ilikuwa ya uvuguvugu tu, na mboji ilikuwa nyeusi, nyepesi, majani hayatambuliki isipokuwa vijiti vichache. Kwa mzee, fimbo ilitoka baridi, kavu, na imeshika unga mweupe. Kisha biwi la wiki tatu likageuzwa papo hapo: la nje likaingia ndani, la ndani likatoka nje, na kila konzi kavu ikapewa maji. Watu waliona unga mweupe umeanza hata pale, kwenye biwi zuri, wakaelewa kwamba ugonjwa wa biwi la mzee unampata kila mtu na dawa yake ni kugeuza na kunywesha kwa wakati.

Swali la mfuko wa urea

Kijana mmoja aliuliza kama mboji itamwondolea haja ya kununua mbolea. Swali kama hili linastahili hesabu, na hesabu ilifanywa hadharani. Biwi la mita 2 kwa 1.5 kwa 1.5 likiiva hushuka hadi karibu nusu, yaani takriban lita 2,000, sawa na madebe 100. Ukiweka nusu lita kwa kila shimo la mahindi, ambayo ni kama kujaza viganja viwili, unapata mashimo 4,000. Ekari moja kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60 ina mashimo yapatayo 9,000. Kwa hiyo biwi moja halitoshi hata nusu ekari. Naitrojeni iliyomo ndani yake ni takriban kilo 6 hadi 8, wakati mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Tena ya kwenye mboji haitoki yote msimu wa kwanza.

Watu walinyamaza kidogo. Baadhi ya wawezeshaji wangependa hesabu hiyo isisemwe, kwa kuhofia kuwavunja moyo wakulima. Naona ni lazima isemwe, kwa sababu mkulima ataipata mwenyewe shambani, na akiona alidanganywa hatarudi. Mbele ya hesabu hiyo watu walianza kuuliza maswali mazuri zaidi: niweke wapi hicho kidogo nilicho nacho? Jibu lao wenyewe lilikuwa sahihi. Kwenye mboga karibu na nyumba, na kwenye mashimo ya mahindi badala ya kutawanya shamba zima. Na mitungi miwili ilikuwa bado mezani, ikionyesha kazi ambayo urea haifanyi. Mbolea ya dukani kwenye donge linalomomonyoka inateremka bondeni pamoja na udongo, kwa hiyo mboji kidogo shimoni inaisaidia hata ile mbolea inayonunuliwa ikae.

Kadi ya kwenda nayo nyumbani

Rasimu ya kwanza ya kadi ilikuwa na mchoro wa biwi lenye mishale na maelezo ya kaboni na naitrojeni. Kabla ya kuichapa ilipelekwa kwa watu wa kitongoji jirani ambao hawakuwa kwenye mafunzo, wakaombwa waseme wanachokiona. Bibi mmoja aliona mshale wa joto unaoelekea juu akasema biwi linatakiwa kuchomwa moto. Mwingine alihesabu matabaka yaliyochorwa akasema yasizidi matano. Mishale ikaondolewa, kaboni na naitrojeni vikaondolewa, na kadi ikaelekezwa kwenye kile ambacho mtu anasahau, yaani wiki ya tatu. Kujenga alishajenga kwa mikono yake.

Kadi ya mwisho ilikuwa nusu ya karatasi ya kawaida, karatasi ngumu iliyofunikwa nailoni, na tundu pembeni la kuifunga kwenye nguzo ya banda. Upande wa mbele una mchoro wa biwi lililoezekwa na fimbo yake, na chini yake nafasi za kujaza kwa kalamu:

Nimejenga tarehe ……
Nigeuze mara ya kwanza (baada ya wiki 3) tarehe ……
Nigeuze mara ya pili (baada ya wiki 3 tena) tarehe ……
Nijaribu kwa mbegu tarehe ……

Upande wa nyuma una michoro minne ya mkono ulioshika fimbo, na maneno haya:

Fimbo ya moto na nyevu: biwi ni zima. Liache.
Fimbo kavu, unga mweupe: lina kiu. Fungua, mwagia maji, geuza.
Fimbo baridi, nyevu, inanuka uvundo: maji yamezidi. Fungua, changanya majani makavu, ezeka upya.
Fimbo baridi lakini haina uvundo, na biwi bado jipya: ni dogo au limekosa majani mabichi. Ongeza samadi na tughutu, lifike kifuani.

Tarehe zilijazwa palepale, kabla ya watu kuondoka, kila mmoja akipanga siku yake ya kujenga. Aliyekuwa hasomi alijaziwa na jirani, na walikubaliana kukumbushana. Mwenyeji ndiye aliyependekeza iwe hivyo.

Wiki ya tatu

Tulirudi mwisho wa Desemba. Zaidi ya nusu ya nyumba zilikuwa zimejenga, na kadi nyingi zilikuwa bandani zimening'inia. Mabiwi mengi yalikuwa na joto. Yaliyokuwa na shida yalikuwa na shida tatu tu, na kila moja ina la kufundisha.

Moja lilikuwa magotini, baridi, la mama mwenye mbuzi wawili bila ng'ombe. Alikuwa ameshasoma fimbo na kuona mchoro wa nne, ila hakuwa na malighafi za kufikisha biwi kifuani. Rundo dogo hupoteza joto lake kwa haraka kuliko linavyolitengeneza, na chini ya mita moja kila upande halipati joto la kutosha. Kwenye baridi ya Lushoto ndiyo kabisa. Alikuwa na njia mbili: kuunganisha lake na la jirani, au kukubali kwamba lake litaoza polepole kwa miezi sita bila kuua mbegu za magugu. Akachagua kuungana na dada yake, nyumba ya tatu.

La pili lilinuka uvundo ukiwa bado njiani. Juu lilikuwa bapa na mvua ilikuwa imeingia, na ndani samadi mbichi ilikuwa nyingi kuliko majani makavu. Hewa haikupita, vikabaki vile vijidudu vinavyoozesha bila hewa. Lilifunguliwa, likachanganywa na majani makavu ya migomba hadi kipimo cha kukamua kikakubali, likaezekwa kwa mgongo. Wiki iliyofuata mwenyewe alituma ujumbe kwamba fimbo imekuwa ya moto.

Shida ya tatu haikuwa kwenye kadi wala kwenye asubuhi yetu: kuku. Katika nyumba kadhaa walikuwa wamechakura kuta za mabiwi wakitafuta funza, kingo zikaporomoka na kukauka. Watu walikuwa wameshajitafutia dawa, wakazungushia matawi ya miiba, na dawa hiyo imeongezwa kwenye mchoro wa mbele wa kadi kwa ajili ya kijiji kinachofuata.

Mwishoni mwa Februari ilibaki kujua kama mboji imeiva kweli. Mboji mbichi ikiwekwa shimoni inaendelea kuoza huko, inawanyang'anya mahindi naitrojeni, na majani ya chini yanakuwa ya njano. Jaribio ni la makopo mawili: moja mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo, jingine udongo mtupu. Panda mbegu za mchicha katika yote mawili, mwagia, subiri kama wiki. Zikiota sawasawa au vizuri zaidi kwenye mboji, iko tayari. Zikiota chache au zikinyauka, biwi linasubiri wiki mbili tatu na kujaribiwa tena. Mabiwi mengi yalipita. Machache, hasa ya nyumba za juu kwenye baridi, yalihitaji hadi katikati ya Machi, na wenyewe wakayatumia kwenye mboga badala ya mahindi yaliyokuwa yameshapandwa.

Biwi moja liliota mchicha vizuri sana lakini lilikuwa na vipande vya mashina ya nyanya. Mwenyewe alikiri kwamba watoto waliyatupia humo walipokuwa wakisafisha shamba lililopata mnyauko. Jaribio la mchicha haliwezi kuonyesha bakteria wa mnyauko, na hakuna kipimo cha nyumbani kinachoweza. Mboji ile ilikwenda kwenye mashimo ya mahindi juu mteremkoni, mbali na mfereji unaoteremkia kwenye bustani za nyanya na viazi. Jembe na ndoo zilizoibeba zilioshwa kabla hazijashuka bondeni.